ΔG ikipanda temperecha: ushike ΔH − TΔS, Gibbs–Helmholtz, au uongeze ΔCp? Tulinganishe kwa kuchoma chokaa

Swali hili linanirudia kila mitihani ikikaribia. Mtu kapewa ΔG ya nyuzi 25, anaulizwa ΔG ya 1000 K itakuwa ngapi, na kichwani ana fomula tatu ambazo zote anazijua nusu nusu, sasa ashike ipi? Wengi wanashika ile wanayoikumbuka vizuri zaidi, jibu linatoka, hawajui kama ni la kuaminika au la. Kwa hiyo leo nazipanga zote tatu kwenye mmenyuko mmoja, namba zilezile, ili uone zinakubaliana wapi na zinaachana wapi.

Mmenyuko wenyewe ni wa kuchoma chokaa. Sisi watu wa pwani tunaujua hata kabla ya kuusoma darasani, maana nyumba za mawe za Lamu, Kilwa na Mji Mkongwe zimeshikwa na chokaa iliyochomwa kutoka kwenye mawe ya matumbawe, unapanga kuni na mawe, unawasha, moto unakaa siku kadhaa, halafu unalizima jiwe kwa maji linapasuka na kufuka mvuke mpaka linakuwa unga. Kikemia ni hivi:

```
CaCO3(s) → CaO(s) + CO2(g)
```

Data za hali sanifu, 298.15 K, ukijumlisha na kutoa kutoka kwenye jedwali (nimetumia kalsaiti, yaani umbo la kawaida la CaCO3) zinatoka hivi:

```
ΔH = +178.3 kJ/mol
ΔG = +130.4 kJ/mol
ΔS = +160.6 J/K·mol
```

ΔG ni chanya na kubwa, ndiyo maana jiwe la chokaa halijichomi lenyewe juani. Tunataka kujua kwenye 1000 K, yaani nyuzi 727, hiyo 130.4 imeshuka mpaka wapi.

Ya kwanza: ΔH − TΔS

Hii kila mtu anaijua. Unachukua ΔH ya nyuzi 25, unachukua ΔS ya nyuzi 25, unajifanya hazibadiliki ukipasha moto, halafu unabadilisha T peke yake.

```
ΔG(1000) = 178.3 − 1000 × 0.1606 = +17.7 kJ/mol
```

Mstari mmoja, umemaliza. Hata temperecha ambayo ΔG inafika sifuri unaipata hapohapo, ni ΔH ugawe kwa ΔS, 178,300 kwa 160.6, unapata 1110 K, yaani nyuzi kama 837. Ubaya wake kwenye mtihani ni mmoja tu lakini unaua watu wengi sana: ΔH iko kwenye kilojuli na ΔS iko kwenye juli. Ukisahau kugawa 160.6 kwa 1000 unapata hasi laki moja na sitini elfu na kitu, na hapo inabidi ushtuke mwenyewe, maana hakuna mmenyuko wa kawaida wenye ΔG ya namna hiyo kwa moli moja.

Ya pili: Gibbs–Helmholtz

Hii ndiyo watu wanaiogopa, na inaogopwa bure. Jina limetoka kwa Josiah Willard Gibbs, Mmarekani aliyeweka misingi ya hesabu hizi miaka ya 1870, na Hermann von Helmholtz, Mjerumani ambaye mwaka 1882 ndiye aliyeitumia hiyo nishati huru kwenye mambo ya kemia na betri. Chanzo chake ni fomula ileile ya juu, ila unaigawa yote kwa T:

```
ΔG/T = ΔH/T − ΔS
```

Angalia kilichotokea hapo. ΔS imebaki peke yake, haina tena T pembeni yake. Sasa ukiuliza ΔG/T inabadilikaje T ikibadilika, ΔS inatoka kwenye hesabu (na hata ukikumbuka kwamba ΔH na ΔS zenyewe zinabadilika kidogo na joto, mabadiliko yao yanafutana kabisa, ndiyo uzuri wake), unabaki na hii:

```
d(ΔG/T)/dT = −ΔH/T²
```

Hii ndiyo ekwesheni ya Gibbs–Helmholtz yenyewe, na haina makadirio ndani yake, ni kweli tupu mradi presha imeshikwa palepale. Makadirio yanaingia pale tu unapoijumlisha kutoka T1 hadi T2 huku umeamua kwamba ΔH haibadiliki njiani:

```
ΔG2/T2 = ΔG1/T1 + ΔH × (1/T2 − 1/T1)
```

Tuweke namba, taratibu. ΔG1/T1 ni 130,410 kugawa kwa 298.15, inatoka 437.4 J/K. Halafu 1/1000 kutoa 1/298.15 ni 0.001000 kutoa 0.003354, unapata −0.002354. Zidisha na 178,300 unapata −419.7 J/K. Jumlisha: 437.4 − 419.7 = 17.7 J/K. Zidisha na 1000 K, jibu ni 17.7 kJ/mol.

Umeona? Ni 17.7 ileile. Watu huwa wanategemea kwamba fomula yenye jina refu itatoa jibu zuri zaidi, haitoi, kwa sababu zote mbili zimesimama kwenye dhana moja, kwamba ΔH ya nyuzi 25 ndiyo ΔH ya 1000 K. Anayekwambia Gibbs–Helmholtz ni sahihi kuliko ΔH − TΔS mwambie akuonyeshe ametoa wapi ΔH yake.

Tena hii ya pili ina mtego ambao ya kwanza haina. Pale mwisho unatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana, 437.4 na 419.7, unabaki na kadogo. Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari lake jibu lake ni 9.5 kJ, anasema kalkuleta inamchezea, nikaangalia mstari kwa mstari, fomula sawa, alama sawa, kelvini sawa, kumbe ile −0.002354 aliiandika −0.0024 ili iwe fupi. Hicho kipande kidogo alichokizungusha, kikizidishwa na 178,300, kimekula zaidi ya 8 kJ kwenye jibu la 17.7, karibu nusu. Kwa hiyo kwenye njia hii usizungushe kitu mpaka mwisho, acha tarakimu nne zenye maana au zaidi kwenye ile tofauti ya vipande vya 1/T.

Namna ya kujikagua alama bila kurudia hesabu: mmenyuko unaomeza joto, ΔH chanya, lazima ΔG/T ishuke ukipanda temperecha. Yetu imetoka 437.4 ikaja 17.7, imeshuka, tuko salama. Ila usichanganye ΔG/T na ΔG yenyewe, hapa wengi wanateleza. Mwelekeo wa ΔG unaamuliwa na ΔS, mwelekeo wa ΔG/T unaamuliwa na ΔH. Chukua kaboni kuungua kidogo kuwa CO, mmenyuko unatoa joto kama 110.5 kJ na ΔS yake ni chanya kama 89 J/K. ΔG inatoka −137 nyuzi 25 mpaka karibu −200 kJ kwenye 1000 K, inashuka, lakini ΔG/T inatoka −460 kwenda −200 J/K, inapanda. Vyote viwili ni sawa kwa wakati mmoja.

Sasa kama jibu ni lilelile, ya pili ya nini? Sababu ya kwanza ni ya kimtihani, mara nyingi unapewa ΔG na ΔH tu, ΔS hujapewa, na ukianza kuitafuta ndiyo uende kwenye fomula ya kwanza unaongeza hatua na nafasi ya kukosea. Sababu ya pili ndiyo kubwa, na nitaifikia baada ya kuona hizi mbili zinakosea kwa kiasi gani. Kwa sababu zinakosea.

Ya tatu: ΔH na ΔS zenyewe zinahama

Kila kitu ukikipasha moto kinameza joto kwa kiasi chake, hiyo ndiyo kapasiti ya joto, Cp. Kama vilivyotoka vinameza kwa kiasi tofauti na kilichoingia, basi ΔH ya mmenyuko inahama kadiri unavyopanda, na ΔS pia.

```
ΔH(T) = ΔH(298) + ΔCp × (T − 298.15)
ΔS(T) = ΔS(298) + ΔCp × ln(T/298.15)
ΔG(T) = ΔH(T) − T × ΔS(T)
```

Na hapa chokaa ina funzo ambalo sijaona watu wakilisema. Ukienda kwenye jedwali la nyuzi 25 unakuta Cp ya CaO ni 42.80, ya CO2 ni 37.11, ya CaCO3 ni 81.88. Jumlisha mbili za kwanza utoe ya tatu, ΔCp ni −1.97 J/K tu. Mtu anaiona, anasema aah hii ni sifuri, anaitupa. Kosa. Cp ya CaCO3 inapanda sana ukiipasha moto, inapita 120 ukifika 1000 K, wakati CaO na CO2 hazipandi kwa kasi hiyo, kwa hiyo ile −2 inageuka kuwa kama −17 huko juu. Ukichukua wastani wa njia nzima kutoka nyuzi 25 mpaka kwenye moto wa tanuri unapata kama −12 J/K, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Kwenye 1000 K:

```
ΔH = 178,300 − 12 × 701.85 = 169,900 J
ΔS = 160.6 − 12 × 1.210 = 146.1 J/K
ΔG = 169,900 − 146,100 = +23.8 kJ/mol
```

Ilikuwa 17.7, sasa ni 23.8. Na ukitafuta temperecha ya ΔG kuwa sifuri (hapa hakuna kugawanya mara moja, unajaribu T, unaona ΔG ni chanya au hasi, unasogea) unafika 1164 K, nyuzi 891. Vipimo vya maabara vinaweka presha ya CO2 kufika 1 bar kwenye nyuzi 895 hadi 900 hivi. Kwa hiyo njia mbili za kwanza zilipotea kwa nyuzi 60 hivi, ya tatu imepotea kwa chini ya 10.

Mtu ataniambia 6 kJ ni nini bwana, si kidogo tu hiyo. Sawa, geuza iwe presha. Kwenye mmenyuko huu vitu vigumu viwili havihesabiki, kwa hiyo K ndiyo presha ya CO2 yenyewe inayosimama juu ya jiwe, na ln K ni −ΔG/RT. Kwa 17.7 kJ unapata ln K = −2.13, presha 0.12 bar. Kwa 23.8 kJ unapata ln K = −2.86, presha 0.057 bar. Zaidi ya mara mbili! Kosa linaloonekana dogo kwenye nishati linakuwa kubwa kwenye K kwa sababu liko juu ya kipeo. Ukiulizwa ΔG tu, 6 kJ unaweza kusamehewa, ukiulizwa K au presha hapo usisamehe.

Turudi kwa Gibbs–Helmholtz, sasa ile sababu ya pili

Angalia fomula yake tena. Hakuna mahali imeandikwa kwamba T1 lazima iwe 298. Sisi tumezoea kuanzia nyuzi 25 kwa sababu majedwali ndiyo yalivyo, lakini ekwesheni inakubali uanzie popote unapoijua ΔG. Na kwenye chokaa kuna mahali tunaijua bila jedwali lolote, pale presha ya CO2 inapofika 1 bar, tuseme 1170 K, ΔG ni sifuri kwa sababu K ni 1. Kutoka hapo hadi 1000 K ni hatua ya kelvini 170 tu, siyo 700. Tunahitaji ΔH ya huko huko kwenye joto, ambayo hesabu ya tatu inaiweka karibu 168 kJ.

```
ΔG(1000)/1000 = 0/1170 + 168,000 × (1/1000 − 1/1170)
              = 168,000 × 0.0001453
              = 24.4 J/K
```

ΔG ni 24.4 kJ, presha 0.053 bar. Mstari mmoja, ΔS sijaigusa, ΔCp sijaizungusha kwenye logi, na jibu limekaa pamoja na lile la njia ndefu. Hapa ndipo Gibbs–Helmholtz inaposhinda, ukiwa na pointi moja iliyopimwa karibu na unakotaka kwenda. ΔH haipati nafasi ya kuhama sana kwenye hatua fupi, na hata ikihama kidogo inazidishwa na tofauti ndogo ya 1/T, kwa hiyo kosa halikui. Na ule mtego wa kutoa namba mbili kubwa haupo tena, tumeanzia sifuri.

Kwa hiyo kuchagua, mimi nafanya hivi. Kama swali limenipa ΔH na ΔS na temperecha haiko mbali sana, kelvini mia au mia mbili, natumia ΔH − TΔS na sijisumbui. Kama nimepewa ΔG na ΔH bila ΔS, au nina kipimo karibu na ninakokwenda, ni Gibbs–Helmholtz moja kwa moja. Kama lazima nitoke nyuzi 25 niende mpaka kwenye tanuri na mwisho wa safari ni K au presha, naweka ΔCp, na naitafuta ya wastani wa njia, siichukui ya nyuzi 25. Na ukiwa na ΔG mbili kwenye temperecha mbili, Gibbs–Helmholtz inakurudishia ΔH kinyumenyume, fomula ya kwanza pia inaweza lakini unahangaika na ekwesheni mbili.

Kuna kitu kimoja hakuna kati ya hizi tatu itakwambia, nacho ni mwendo. Nyuzi 891 ni mahali CO2 inapoweza kusukuma hewa yote ikae pembeni, siyo muda ambao jiwe litachukua kuiva. Jiwe kubwa kama kichwa cha mtu linaiva ganda kwanza, joto lazima lipenye na CO2 lazima itoke kupitia ganda hilohilo, na ukitoa mapema unabaki na kiini kibichi. Unakijua ukizima kwa maji: pembeni panapasuka na kuwa unga, katikati panabaki kokoto gumu, baridi, halifuki chochote. Hilo kokoto ni CaCO3 bado.

Zoezi la mwisho, fanya mwenyewe halafu linganisha

Kwenye tanuri la wazi hewa inapita, moshi unachukua CO2 na kuondoka nayo, kwa hiyo CO2 juu ya jiwe haifiki 1 bar. Tuseme ni 0.20 bar. Chokaa inaanza kuwezekana kwenye temperecha gani?

Anzia 1170 K, ambako K = 1. Kwa kuwa ΔG/T ni −R ln K, Gibbs–Helmholtz inageuka hivi:

```
ln K2 − ln K1 = −(ΔH/R) × (1/T2 − 1/T1)
```

ln 0.20 ni −1.609, ln 1 ni sifuri. ΔH/R ni 168,000 kugawa kwa 8.314, inatoka 20,207 K. Kwa hiyo 1/T2 − 1/1170 = 1.609/20,207 = 0.0000796. Ongeza 1/1170 ambayo ni 0.0008547, unapata 0.0009343, geuza, T2 ni 1070 K, nyuzi 797. Nyuzi mia chini ya ile ya 1 bar, kwa sababu tu upepo unapita kwenye kuni.

Jikague kwa kichwa kabla ya kufunga daftari: presha imeshuka, mmenyuko unameza joto, temperecha ilitakiwa ishuke, imeshuka. Kama umepata 1290 K hivi, alama ya mbele ya ΔH/R imekukimbia.